Maswali ya Kabla ya Kununua Bloa

Dada yangu alipoteza meno mawili kwa sababu ya picha.

Alikuwa nyuma ya kaunta ya duka lake Masasi, duka la pampu na bloa za kupulizia mikorosho. Mwanamume mmoja akaingia bila hodi, akamwonyesha simu, akamwuliza, "Hii si bloa yako?" Dada akaitazama. Bloa ilikuwa yake, kaunta ilikuwa yake, hata pindo la khanga lililotokeza pembeni ya picha lilikuwa lake. Akasema kwa bashasha ya mfanyabiashara, "Ndiyo yenyewe kaka, karibu." Yule bwana akachukua bomba la chuma lililoegemezwa mlangoni akampiga nalo mdomoni.

Ilichukua siku tatu kufahamu kisa. Tapeli mmoja, ambaye mpaka leo hajulikani, aliziiba picha za duka la mtandaoni la dada, akafungua ukurasa wake, akawauzia watu wa Newala na Tandahimba mashine ambazo hakuwa nazo. Huyu aliyepiga alikuwa ametumiwa boksi kwa basi. Alipolifungua mbele ya mkewe na shemeji zake, alikuta jiwe limefungwa vizuri kwa magazeti. Nadhani yale magazeti ndiyo yaliyomkasirisha zaidi.

Wengine wawili walikuja baada yake. Mmoja alivunja mlango, wa pili akaukuta umeshavunjwa, akavunja kabati.

Mimi nilitoka Dar es Salaam kuja kumwona. Kwa kazi ni mwandishi wa makala, yaani mtu anayelipwa kidogo ili aonekane anafikiri sana. Nyumbani kwetu wanaamini kwamba aliyefika chuo kikuu anaweza kila kitu kinachohusu karatasi, kuanzia barua ya mirathi mpaka kusoma kipimo cha malaria. Nilimkuta dada amefura uso, amefunga taya kwa kitambaa, anaandika kwenye kipande cha karatasi kwa sababu kuongea kulimuuma. Aliniandikia: "Usilie. Kaa. Kuna kazi."

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Msimu wa salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho, ulikuwa unakaribia, na stoo yake ilikuwa imejaa bloa. Watu bado walikuwa wanaingia kwenye duka lake la mtandaoni, wengi tu. Wanatazama picha, wanasoma bei, wanakwenda mpaka kwenye kitufe cha kununua, wanaishia hapo. Wengine wanaandika "nitarudi." Hawarudi. Walikuwa wamesikia habari za jiwe. Msimu ukipita mashine zikiwa stoo, duka lingefungwa. Na duka likifungwa, mahali pekee pa kwenda na mapacha wake palikuwa kule Newala kwa mumewe, mtu ambaye alikuwa amemvunja taya hiyohiyo miaka minne nyuma, na ambaye tayari alikuwa ametuma wazee waseme kwamba amesamehe. Amemsamehe dada, maana yake, kwa kosa la kuondoka.

"Andika maswali," dada alisema siku ya nne, taya ilipoanza kukubali. "Yale maswali wanayouliza watu kabla ya kununua. Na majibu yake. Tuyaweke pale chini ya picha, mtu ayasome woga umtoke."

Nilifanya kazi siku mbili. Niliandika maswali kumi na manane. La kwanza lilikuwa: "Je, mkulima wa leo ana sababu gani ya kuamini biashara ya mtandao?" Jibu lake lilikuwa na aya tano. Lilianzia enzi za maduka ya ushirika, likapita kwenye soko huria lilivyoingia na wafanyabiashara kumiminika vijijini kila mmoja na mzani wake, likaishia kwenye maana ya uaminifu. Nililipenda sana. Nilimsomea dada kwa sauti.

Alinisikiliza mpaka mwisho, akishika taya.

"Kaka," akasema, "nani ameuliza hili?"

"Ni swali la msingi."

"Nakuuliza nani. Jina lake nani, anatoka kijiji gani?"

Alinisukumia simu yake juu ya meza. "Soma. Usitunge. Watu wameshauliza wenyewe."

Nikasoma ujumbe wa miezi miwili. Nimewahi kusoma mashairi ya vita na hukumu za kesi za mauaji, lakini sijawahi kusoma kitu kama simu ya mwanamke anayeuza bloa. "Nyie ndio wa mawe?" "Nikitumiwa jiwe najua duka lako lilipo na petroli ninayo." "Mama Mapacha shikamoo. Bloa bado zipo? Nikitapeliwa nitakukata mkono." Huyu wa mwisho alinivutia kwa adabu yake: alianza na shikamoo na alimwita dada kwa heshima ya watoto wake, kama watu wote wa mtaani wanavyomwita. Na dada alikuwa amemjibu, "Marahaba mwanangu, zipo."

Chini ya matusi yale kulikuwa na maswali. Tuliyapanga sakafuni, kila swali kwenye karatasi yake, kwa maneno yaleyale ya wateja, tukiondoa visu tu. Yaliyofanana tukayaweka rundo moja. Rundo kubwa kuliko yote lilikuwa hili: naweza kuiona na kuiwasha kabla sijalipa? La pili: duka liko wapi, nikija nitamkuta mtu? La tatu: ikiharibika nampelekea nani, na nauli ya kuirudisha ni ya nani? Kisha spea, kisha siku ngapi za kusubiri. Hakuna hata mmoja aliyeuliza maana ya uaminifu.

Dada alinifundisha kuandika majibu, jambo ambalo chuo kikuu hawakufanikiwa. Anza na ndiyo au hapana. Kisha sema masharti. Kisha nyamaza. Nikiandika "kwa kawaida," ananiuliza ni siku gani isiyo ya kawaida. Nikiandika "wateja wetu wapendwa," ananitazama kama aliyetoa harufu. Swali la nauli nilitaka kulipitia pembeni kwa sababu jibu halikupendeza. Alikataa. "Andika: hapana, ya kurudisha unalipa mwenyewe, isipokuwa kosa likiwa letu. Akilijua leo atakasirika leo. Akilijua siku ya kurudisha atakuja na panga."

Lile rundo kubwa lilihitaji mtu. Huwezi kuandika kwamba mteja atawasha mashine kabla ya kulipa kama hakuna wa kusimama naye. Newala tulikuwa na wakala wa vifurushi karibu na stendi, mzee wa miaka hamsini na kitu aliyewahi kuwa mgambo, ambaye watu wote wanamwita Afande na ambaye bado anatembea na rungu. Dada alimpigia.

"Watawasha ofisini kwangu?" Afande akauliza.

"Nje, Afande. Mlangoni."

"Na asiyelipa?"

"Mashine inabaki kwako."

"Hiyo naiweza," akasema, na nilisikia rungu likigonga meza.

Nikaandika jibu ambalo naliona mpaka leo nikifumba macho: "Naweza kuijaribu kabla ya kulipa? Ndiyo. Fungua boksi mbele ya wakala wetu, iwashe mwenyewe. Isipowaka, iache hapo hapo. Hudaiwi kitu."

Dada akalisoma mara mbili, akasema, "Zuri. Sasa weka na la mafuta."

Injini ya bloa hizi haina sehemu ya kuwekea oili. Oili inachanganywa na petroli kwenye chupa kabla ya kumimina, sehemu ishirini na tano za petroli kwa moja ya oili maalumu. Ukitia petroli tupu itawaka vizuri kabisa, tena kwa mlio mtamu, kisha itajitafuna yenyewe ndani.

"Hakuna aliyeuliza mafuta," nikasema. Nilikuwa mwanafunzi mpya wa dini ile na nilikuwa mkali kuliko kasisi. "Umesema tusitunge. Nimepitia ujumbe wote. Hamna."

"Hawaulizi kwa sababu wenye mashine za zamani wanajua."

"Basi wanajua."

Alikuwa amechoka, na mapacha walikuwa wanapigana uani, mmoja ameshika sikio la mwenzake kwa meno. Akatoka kuwaamua. Mimi nikaliweka jibu la mafuta mwisho kabisa wa ukurasa, chini ya kichwa "Matunzo," mahali ambapo hakuna binadamu aliyewahi kufika.

Majibu yalianza kufanya kazi siku ya pili. Watu waliacha kuandika "nitarudi." Waliandika, "Nimesoma kuwa nawasha mwenyewe. Nitumie Newala." Katika wiki ya kwanza stoo ilipungua ukaona ukuta wa nyuma. Nilianza kujisikia. Nilimwambia dada kwamba katika maisha yangu yote ya kuandika hakuna sentensi yangu iliyowahi kumfanya mtu afanye jambo lolote. Akaniambia nipakie maboksi garini niende nayo Newala nikayaone matunda yangu.

Nilifika na bloa nne. Wateja wawili walikuwa wameshakaa kwenye benchi la Afande. Mmoja alikuwa mama wa makamo aliyejifunga kitenge, ametulia, miguu imejaa vumbi la njia ndefu. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kunitazama. Alikuwa anatazama maboksi. Wa pili alikuja na mdogo wake. Alikuwa mtu mrefu mwenye shati la kijani, amekuja kwa pikipiki kutoka upande wa Tandahimba, na mkononi alikuwa ameshika chupa ya maji iliyojaa petroli. Alikuwa ameinyonya kwenye tangi la pikipiki yake. Jibu langu lilisema aiwashe mwenyewe. Halikusema kwa mafuta gani. Kwa hiyo alikuja na yake, kama mtu mwangalifu.

Niliiona ile chupa. Lazima niseme hivyo. Niliiona, na nilifikiri: huyu kajipanga.

Akamimina, akavuta kamba mara tatu, ikawaka. Benchi zima likapiga makofi. Akaibeba mgongoni, akafungulia mafuta mpaka mwisho. Akapuliza vumbi la uwanja, akapuliza majani, akampulizia mdogo wake kofia ikaruka mpaka barabarani. Watu walikusanyika wakicheka. Afande akamwambia, "Basi mwanangu, imewaka, lipa." Akajibu, "Bado naijaribu." Alizunguka uwanja ule dakika kumi, labda zaidi, injini ikilia juu kabisa. Kisha ikatoa sauti kama mtu anayekabwa, ikakata. Akaishusha, akavuta kamba. Kamba haikutoka. Akaikanyaga mashine akavuta kwa nguvu, ikakatika mkononi mwake.

"Imenoki, injini imekufa," mtu mmoja akasema kwenye umati.

Shati la kijani akainuka polepole. Akatoa simu. Akasoma kwa sauti, neno kwa neno, nami nikasikia sentensi yangu ikirudi kwangu mbele ya watu: "Isipowaka, iache hapo hapo. Hudaiwi kitu." Akaiacha. Akageuka kuondoka.

"Imewaka!" Afande akasema. "Umeiua wewe!"

"Soma mwenyewe, mzee."

"Nisome nini? Rudi hapa."

Afande ndiye aliyeanza kupiga, na sitaki kumficha. Rungu lilimpata shati la kijani kwenye mkono, chini ya kiwiko, na nilisikia mfupa. Mdogo mtu akamrukia Afande shingoni. Wakaanguka juu ya maboksi. Yule wa mkono uliovunjika alikuwa anapiga kwa miguu, na kila teke lilikuwa na neno lake: matapeli, matapeli, matapeli.

Hilo neno ndilo lilikuwa petroli halisi. Umati ule karibu wote ulikuwa na habari ya jiwe. Mtu akauliza, "Ndio wale wa Masasi?" Mwingine akanionyesha mimi: "Huyo ndiye kaleta mzigo." Nilifungua mdomo kueleza. Nilikuwa na aya tano tayari. Ngumi ya kwanza ilinipata kwenye sikio, ya pili sijui ilinipata wapi, na ya tatu nilikuwa chini nikiona viatu. Nilihesabu ndala nyingi kuliko viatu vya kufunga, na nilimshukuru Mungu kwa umaskini wetu. Mtu alikuwa amekwenda kutafuta tairi. Nilimsikia akiuliza kwa fundi baiskeli na fundi akijibu kwamba ana la baiskeli tu, na wakabishana kama litatosha.

Afande alikuwa amepigwa na kitako cha ile bloa usoni. Alikuwa ameshika jicho la kushoto, na damu ilikuwa inapita katikati ya vidole.

Aliyetuokoa ni yule mama wa kitenge, na hakutuokoa kwa huruma. Alikuwa amefuata bloa, alitaka bloa yake. Aliiokota ile chupa, akajimiminia kidogo kwenye kiganja, akasugua vidole, akanusa. Kisha akapaza sauti, sauti ya mtu aliyezoea kuita watu kutoka upande wa pili wa shamba.

"Nani katia hii?"

Watu wakapunguza mateke.

"Nimeuliza nani katia hii? Wewe? Njoo uguse. Inateleza hii? Haina oili hata tone. Umeipa mashine maji ya moto unaita mafuta. Mume wangu aliua moja hivihivi, na sikumwachia mpaka alinunua nyingine." Akamgeukia mtu aliyekuwa bado amenikanyaga mkono. "Na wewe toa mguu. Mtu anakufa kwa ujinga wa chupa."

Mdogo mtu akanusa chupa. Kisha shati la kijani, mkono wake ukining'inia kama wa mtu mwingine, akaniuliza mimi niliyekuwa chini: "Mbona hamkuandika?"

Nikasema, "Tumeandika."

"Wapi?"

"Mwisho kabisa."

Kuna vicheko ambavyo ni vibaya kuliko mateke.

Nilimpigia dada nikiwa hospitali ya wilaya, Afande ameshashonwa, shati la kijani anafungwa plasta chumba cha pili. Nilitegemea alie. Alinisikiliza, akauliza maswali mawili tu: jicho la Afande litaona? Waganga walikuwa hawajui. Na yule mteja amelipa? Hajalipa.

"Mpe nyingine," akasema.

"Dada, kaiua mwenyewe. Kampiga Afande."

"Tuliandika hudaiwi kitu. Tukikataa leo, kesho Newala nzima watasema maneno yetu ni jiwe lingine. Mpe. Umwonyeshe kuchanganya. Atalipa akiridhika." Kisha sauti yake ikabadilika. "Ulisema hakuna aliyeuliza. Mimi niliuliza. Mimi si mtu?"

Nikakata simu, nikaenda kuchukua boksi jingine ofisini kwa Afande.

Shati la kijani alipokea bloa ya pili kwa mkono mmoja, akaona mafuta yakichanganywa, akalipa kwa simu kitandani, akanunua na oili. Kwa Afande hakuomba radhi, wala Afande hakumwomba. Walilala wodi moja siku mbili wakitazama dari.

Mimi niliteremka Masasi na kichwa kimefungwa, nikakaa sakafuni na zile karatasi. Swali la mafuta tukalipandisha juu, la pili kutoka mwanzo, kwa maneno ya dada. Lakini la kujaribu halikuwa na jibu tena. Tungelifuta, woga ungerudi na stoo ingebaki ilivyo. Tungeliacha, mtu angekufa. Dada akampigia Afande kitandani kumwuliza kama tuandike kwamba hakuna tena kujaribu.

"Msifute," akasema. "Mwambie huyo msomi wako achukue kalamu. Andika: Naweza kuijaribu? Ndiyo. Nitaiwasha mimi, kwa mafuta yangu, dakika mbili. Wewe utasimama pale nilipochora mstari. Ikizima kabla ya dakika mbili, hudaiwi. Baada ya hapo umeinunua. Ukileta chupa yako utaondoka nayo tumboni."

Niliandika yote isipokuwa sentensi ya mwisho. Ilinigharimu, ilikuwa sentensi bora kuliko zote.

Jicho la Afande lilirudi nusu. Anaona mwanga na watu wakubwa, anasema, na hao wadogo hakuwahi kuwahitaji. Alirudi kazini wiki ya tatu, salfa ikiwa imepamba moto shambani, nami nikapanda tena na gari la maboksi kwa sababu dereva mwingine alikataa. Wazee wa upande wa shemeji walikuwa wametuma ujumbe tena juma lile, na dada alikuwa amewajibu kwamba ana wateja, wapite msimu ukiisha.

Benchi lilikuwa halitoshi. Afande alichora mstari kwa rungu, akachanganya mafuta mbele yao akitaja vipimo kwa sauti ya kwata, akawasha, akahesabu dakika mbili, akazima, akaita anayefuata. Hakuna aliyeuliza kitu. Wote walikuwa wamesoma. Mpaka saa tisa alasiri hakuwa amepigwa mtu hata mmoja. Saa tisa zilibaki bloa mbili na watu watano, na hao watano wakaanza kupigana wenyewe kwa wenyewe, kila mmoja ana haraka ya kulipa.